Karatasi ya Kaki Chini ya Msumari

Mwaka 1763 manowari ya Kiingereza iliyoitwa Alarm ilirejea kutoka visiwa vya Karibi, na mafundi wakaikagua chini kuona bahari imeifanya nini. Ilikuwa meli ya mizinga 32, na ukaguzi huo ulisubiriwa kwa hamu. Miaka miwili kabla ya hapo mbao zake zote zinazokaa majini zilikuwa zimefunikwa kwa mabamba membamba ya shaba. Maji ya joto yana mnyoo anayetoboa mbao mpaka zikawa kama sega la asali, na pia magugu na viumbe vyenye magamba magumu hushika tumbo la meli na kuipunguzia mwendo. Mabaharia wa pwani yetu walipambana na maadui haohao kwa kuvipaka vyombo deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta, wakairudia kazi hiyo kila msimu. Waingereza walitaka kinga ya kudumu zaidi.

Shaba iliifanya kazi yake vizuri. Mnyoo hakupita, na chini ya meli palikuwa safi. Lakini mafundi walipoigusa misumari ya chuma iliyoshikilia mabamba yale, walikuta mingi imelika vibaya, mingine imebaki uji wa kutu, na mabamba yamelegea. Meli ya mbao iliyofungwa kwa chuma tu ingeweza kukaa majini miaka mingi bila misumari yake kuoza kiasi hicho. Kulikuwa na kitu kilichoharakisha mambo.

Jibu lilijificha mahali padogo. Misumari michache ilikuwa mizima, au imelika kidogo tu. Walipoichunguza waligundua kwamba chini ya vichwa vyake palikuwa na vipande vya karatasi ya kaki. Shaba ilikuwa imeletwa gatini ikiwa imefungwa kwa karatasi hiyo, na wapigaji misumari hawakuiondoa yote. Mahali karatasi ilipobaki, chuma hakikugusana na shaba. Ripoti ya mwaka ule ilitoa agizo la kivitendo: ndani ya maji ya bahari, chuma kisiachwe kigusane na shaba moja kwa moja. Baadaye misumari na boliti za chuma zikabadilishwa kwa zile za shaba na michanganyiko yake.

Agizo lilikuwa sahihi, ila hakuna aliyejua kwa nini. Karatasi haikuzuia maji, kwani ilikuwa imelowa chapachapa. Haikuzuia chumvi wala hewa. Ilizuia kitu ambacho mwaka 1763 hakikuwa na jina.

Jina lilianza kupatikana mwaka 1800, wakati Mwitaliano Alessandro Volta alipotangaza kifaa chake. Alipanga visahani vya zinki na vya fedha au shaba, kimoja juu ya kingine, na kati ya kila jozi akaweka kitambaa au karatasi nene iliyoloweshwa maji ya chumvi. Ncha mbili za rundo hilo zilipounganishwa kwa waya, umeme ulipita, ukaendelea kupita. Metali mbili tofauti, maji ya chumvi kati yao, na njia ya kuziunganisha: hayo ndiyo yote yaliyohitajika. Tumbo la Alarm lilikuwa na vyote vitatu. Kila msumari wa chuma uliogusa shaba ndani ya bahari ulikuwa betri ndogo, na betri hiyo ilifanya kazi usiku na mchana kwa miaka miwili. Kipande cha karatasi kilikuwa kimekata waya.

Hapa inafaa tutulie kidogo tuone betri hiyo inatumia nini. Chuma kinapoingia majini, atomu zake huwa tayari kuondoka na kuyeyuka, lakini kila inayoondoka huacha nyuma elektroni mbili:

```
Fe → Fe²⁺ + 2e⁻
```

Elektroni hizo haziwezi kuelea majini. Zikirundikana ndani ya chuma, zinazuia atomu nyingine zisiondoke, na mambo yanasimama hapo. Ili chuma kiendelee kulika, lazima pawe na mahali pengine pa kuzipokea. Katika maji ya kawaida na ya bahari mpokeaji ni oksijeni ya hewani iliyoyeyuka majini:

```
O₂ + 2H₂O + 4e⁻ → 4OH⁻
```

Mahali chuma kinapoyeyuka huitwa anodi, na mahali elektroni zinapopokelewa huitwa kathodi. Elektroni husafiri ndani ya metali kutoka anodi kwenda kathodi, na ioni husafiri ndani ya maji kuufunga mzunguko. Kutu ya kahawia tunayoiona ni masalia ya mwisho. Chuma kilichoyeyuka hukutana na kile kilichotoka kathodi, kikakutana tena na oksijeni, kikaganda. Ndiyo maana chuma kikavu hakishiki kutu, na ndiyo maana maji ya chumvi, ambayo hupitisha umeme kwa urahisi, hukila haraka kuliko ya mvua.

Sasa hali ya Alarm inaeleweka. Shaba inang'ang'ania elektroni zake kuliko chuma. Ikiungwa na chuma, shaba huwa kathodi na chuma huwa anodi. Tumbo zima la meli, lenye eneo kubwa mno la shaba, lilikuwa likipokea elektroni kwa niaba ya vijisumari vichache. Kathodi kubwa na anodi ndogo ni mchanganyiko mbaya kuliko yote, maana uharibifu wote unakusanywa mahali padogo. Fundi anayefunga boliti ya chuma kwenye bamba la shaba leo anarudia kosa lilelile. Akifunga boliti ya shaba kwenye bamba kubwa la chuma, chuma kitaumia, lakini maumivu yatatawanyika.

Mtu wa kwanza kuigeuza hatari hii ikawa dawa alikuwa Humphry Davy, mkemia wa London. Mwaka 1807 alikuwa ametumia umeme wa rundo la Volta kutenga potasiamu na sodiamu, kwa hiyo uhusiano wa umeme na kemia aliujua kwa mikono yake. Mwaka 1823 wakuu wa jeshi la majini waliomba msaada kuhusu tatizo jipya: shaba yenyewe ilikuwa ikilika na maji ya bahari, na kuibadilisha kuligharimu fedha nyingi. Davy alifikiri hivi. Ikiwa shaba inalika kwa sababu inatoa elektroni, basi ipewe jirani aliye tayari zaidi kuzitoa. Jirani huyo atayeyuka, elektroni zake zitamwagikia shaba, na shaba itageuka mpokeaji na kusalimika. Alizisema hoja hizo kwa lugha ya wakati wake, ya umeme chanya na hasi, kwani neno elektroni lilikuwa bado halijazaliwa. Maana yake ni ileile.

Mwanzoni mwa mwaka 1824 aliieleza Jumuiya ya Kifalme matokeo yake. Kipande cha zinki kikubwa kama punje ya njegere, au ncha tu ya msumari mdogo wa chuma, kilitosha kulinda bamba la shaba lenye ukubwa wa inchi za mraba 40 hadi 50, yaani karibu na nusu ya ukurasa wa jarida la kawaida. Tena haikujalisha kipande kiwekwe juu, katikati au chini ya bamba. Ilitosha kigusane na shaba, na vyote viwe ndani ya maji yaleyale. Chuma kilekile kilichoumizwa na shaba chini ya Alarm, sasa kiliwekwa makusudi kiumie. Watu wanaojua neno kafara hawahitaji maelezo marefu: metali moja inatolewa kafara ili nyingine ibaki.

Manowari Samarang ndiyo iliyopewa jaribio kubwa. Karibu na omo na karibu na tezi ilifungiwa vipande vizito vya chuma cha kalibu, ambavyo eneo lake lilikuwa kama sehemu moja ya 80 ya eneo la shaba. Ilisafiri hadi Nova Scotia upande wa pili wa Atlantiki, ikarejea mwanzoni mwa mwaka 1825. Shaba yake ilikuwa haijalika. Kwa upande wa kemia, Davy alikuwa ameshinda.

Kwa upande wa bahari alishindwa. Meli zilizofungiwa kinga yake zilianza kuota magugu na magamba chini, zikawa nzito na nzembe. Shaba ilikuwa imewafukuza viumbe hao kwa sababu ilikuwa ikiyeyuka kidogokidogo, na shaba iliyoyeyuka ni sumu kwao. Davy alipoizuia isiyeyuke, aliizuia pia isitoe sumu. Juu ya hilo kukawa na jambo la pili. Mahali elektroni zinapopokelewa maji hugeuka kuwa na alkali, na chokaa na magnesi za baharini huganda juu ya metali, zikawa sakafu nzuri ya kumea. Mwaka 1825 ikaamriwa kinga hizo ziondolewe kwenye meli zinazosafiri. Davy alifariki Geneva mwaka 1829 akiwa hajaiona faida ya wazo lake.

Kosa halikuwa katika wazo. Kosa lilikuwa kulinda metali ambayo kazi yake ilihitaji ilike kidogo. Chuma hakina kazi kama hiyo. Kutu haimfukuzi mnyoo wala kumsaidia baharia kwa lolote. Kwa hiyo kinga ya kafara ilipohamishiwa kwenye chuma, ilipata makao yake. Zinki iko tayari kutoa elektroni kuliko chuma: kwenye kipimo cha wanakemia zinki iko volti -0.76, chuma -0.44, na shaba +0.34. Iliyo chini zaidi ndiyo inayolika zinapounganishwa.

Kabla Volta hajazaliwa, tayari mtu alikuwa ameikutanisha zinki na chuma. Mwaka 1742 daktari na mkemia Mfaransa Paul-Jacques Malouin alieleza mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris namna ya kufunika chuma kwa kukichovya katika zinki iliyoyeyuka. Kwake hilo lilikuwa funiko tu, kama rangi. Mwaka 1837 mhandisi Mfaransa Stanislas Sorel alichukua hataza ya kazi hiyohiyo, lakini akijua kitu ambacho Malouin hakukijua: zinki itakilinda chuma hata mahali isipokifunika. Ndiyo maana akakiita kitendo hicho kwa jina la Luigi Galvani, yule tabibu wa Bologna ambaye majaribio yake ya miguu ya chura ndiyo yaliyomwamsha Volta. Hakuna waya wala betri katika karakana ya kuchovya. Umeme unaotajwa na jina hilo unakuja baadaye, siku bati linapokwaruzwa na mvua ikanyesha.

Kuchovya kwenyewe kunaonekana rahisi, na ugumu wake wote uko kwenye usafi. Chuma huoshwa mafuta, kisha hutiwa katika asidi ili kutu na magamba ya kiwandani yatoke mpaka metali tupu ionekane. Halafu hupitishwa kwenye chumvi ya amonia iliyochanganywa na zinki, ili kisishike kutu upya njiani. Ndipo kinazamishwa ndani ya zinki yenye joto la nyuzi 450 hivi. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420. Ndani ya karai hilo metali mbili hizi huumana. Kati ya chuma na zinki safi ya juu huzaliwa tabaka za mchanganyiko wa zote mbili, ngumu kuliko zinki yenyewe. Kwa hiyo zinki haikukaa juu ya chuma kama rangi, imeota ndani yake. Mahali palipobaki na mafuta au kutu haiumani, na doa jeusi lisilo na zinki huonekana bamba linapotoka.

Ushahidi kwamba kutu ni umeme mtupu ulihitaji miaka mingine mingi. Mzuri kuliko yote ulitoka Cambridge, kwa Ulick Evans, katika miaka ya 1920. Alidondosha tone la maji ya chumvi juu ya bamba la chuma lililosuguliwa likang'aa. Ndani ya tone alikuwa ametia dawa mbili za kuonyesha: moja hugeuka buluu inapokutana na chuma kilichoyeyuka, na nyingine hugeuka waridi inapokutana na alkali. Mwanzoni madoa ya buluu na ya waridi yalitokea huku na huku. Baada ya muda yalijipanga. Katikati ya tone pakawa buluu, ukingoni pakawa waridi, na katikati ya rangi hizo ukatokea mviringo wa kutu ya kahawia.

Tone lile lilieleza jambo linalowashangaza mafundi kila siku. Ukingoni maji ni membamba na hewa inaingia kwa wingi, kwa hiyo oksijeni inapokea elektroni pale. Katikati oksijeni imekwisha, na ndipo chuma kinapoyeyuka. Chuma hulika pale pasipo na hewa kwa sababu kuna hewa jirani. Ukitaka kuthibitisha, tazama chini ya tope lililoganda kwenye bodi ya gari, au pale bati mbili zinapolaliana: nje panaonekana salama, na ndani ya mpenyo ndimo kutu inamochimba. Mwaka 1932 Evans na mwenzake Hoar walipima mkondo wa umeme kati ya sehemu mbili za chuma kinacholika, wakalinganisha na uzito uliopotea. Hesabu zilikubaliana. Kwa kanuni ya Michael Faraday, aliyekuwa msaidizi wa Davy, ampea moja ikipita mwaka mzima huyeyusha kilo 9 na kidogo za chuma, au kilo 10.7 za zinki.

Kwa hesabu hiyo kafara linaweza kupangwa kama posho. Chukua mashua yenye tumbo la chuma lililopakwa rangi, na tuseme linahitaji nusu ampea ili lisilike. Kwa mwaka litakula kilo 5 na zaidi za zinki. Fundi atafunga vipande vya zinki vya kutosha msimu mzima, na akivitoa majini atataka kuviona vimelika. Kipande kilichokaa miezi mingi baharini kikabaki kama kipya hakijalinda kitu. Aghalabu kimepakwa rangi kwa makosa, au kati yake na chuma mna kutu au gundi iliyokata njia ya elektroni. Hiyo ni karatasi ya kaki ya Alarm, ila safari hii iko mahali ambapo hatuitaki. Mwenye voltimita na elektrodi ya fedha ya kupimia majini anaweza kuhakikisha: chuma kinahesabiwa kimelindwa kikifika volti -0.80 au chini ya hapo.

Paa la bati linafuata kanuni hiyohiyo, ila maji yake ni membamba. Mwingereza Henry Robinson Palmer alichukua hataza ya bati lenye mikunjo mwaka 1829, na lilipoungana na zinki ya Sorel likawa paa jepesi la kusafirishwa mbali. Mji wa kwanza wa Nairobi, uliozuka reli ilipofika mwaka 1899, kwa sehemu kubwa ulikuwa mji wa mabati. Katika bati la namna hii zinki inafanya kazi mbili. Kwanza hufunika, maana ikikaa hewani hujivika utando mgumu wa kabonati unaopunguza mwendo wa kulika kwake. Pili, panapokwaruzwa hujitoa. Unyevu uliotua ndani ya mkwaruzo unaziunganisha zinki ya kingoni na chuma kilicho wazi, na zinki inayeyuka badala ya chuma. Lakini umande hauwezi kupeleka mkondo mbali kama bahari, kwa hiyo kinga hii huvuka milimita chache tu. Ukingo uliokatwa na tundu la msumari husalimika. Eneo pana lililochunwa halisalimiki.

Umri wa paa unategemea kiasi cha zinki. Bati lenye gramu 275 za zinki kwa mita ya mraba, ukihesabu pande zote mbili, lina unene wa maikroni 19 hivi kila upande. Bara, kwenye hewa kavu na safi, zinki hupoteza chini ya maikroni 1 kwa mwaka, na paa hilo linaweza kupita miaka 20 kabla chuma hakijaonekana. Ufukweni, mahali upepo unapopeperusha povu la chumvi juu ya nyumba, inaweza kupoteza maikroni 4 hadi 8 kwa mwaka, na kinga ileile inakwisha katika miaka 2 na nusu hadi 5. Bati halikuwa bovu. Lilikuwa na posho ya kutosha bara, likapelekwa pwani. Na mabati mapya yakirundikwa yakiwa yamelowa, hewa haipiti kati yake, utando wa kabonati haupatikani, na unga mweupe huila zinki kabla bati halijapanda juu ya nyumba.

Jina lenyewe, bati, limebeba mkanganyiko wa metali mbili. Katika Kiswahili bati ni paa letu, lakini pia ni ile metali nyeupe laini inayopakwa kwenye mikebe ya vyakula. Bati hiyo ya pili inang'ang'ania elektroni zake kuliko chuma. Kwa hiyo chukua mkebe na kipande cha bati la paa, vikwaruze vyote kwa ncha ya msumari mpaka chuma kionekane, uviache uani vinyeshewe. Baada ya siku chache, mkwaruzo wa mkebe utakuwa umekuwa mstari mwekundu wa kutu, kwa sababu bati imegeuka kathodi, nayo imekigeuza kijistari kile cha chuma kuwa msumari wa Alarm. Mkwaruzo wa paa utakuwa na ukungu mweupe pembeni mwake. Ukungu huo ndiyo zinki iliyokwenda mahali pa chuma, na siku utakapouona umekoma na ukahawia umeanza, ujue zinki ya jirani imekwisha.